Mpokeaji maziwa amenizidi miaka 22 na tanki limerudishwa mara 2: nianzie wapi kabla ya barua ya onyo?

Binti wa Muheza
Wana jukwaa, habari za jioni. Ninasimamia kituo cha kukusanyia maziwa huku Muheza tangu Januari. Nina watu 4 chini yangu. Mmoja ndiye mpokeaji: anasimama mlangoni na wafugaji, anapima, anaandika daftari, anamimina tankini. Yeye ana miaka 51, mimi 29. Kila asubuhi namwamkia shikamoo kabla sijamwambia neno la kazi.

Ndani ya mwezi mmoja kiwanda cha mjini kimeturudishia tanki mara 2, maziwa yamechachuka. Kila mara ni zaidi ya lita 1,100, na wanaokosa malipo ni wafugaji wote, hata yule aliyeleta maziwa mazima. Halafu daftari lake lina mistari mitupu, jumla hazikubaliani na tanki. Uongozi unaniambia niandike barua ya onyo wiki hii.

Baada ya tanki la kwanza nilimgusia. Nilimwambia, "Mzee, tujitahidi jamani, hali si nzuri." Akaniitikia vizuri tu, "Tutajitahidi, binti yangu." Siku 9 baadaye likarudi la pili. Sitaki kumvunjia heshima mtu mzima, lakini siwezi kufumba macho wafugaji wakilala njaa. Mngeanzia wapi?

Kifaru Chumbageni
Pole, dada. Hapo usizungushe. Sheria inataka barua 3 za onyo, ya nne unamwachisha kazi. Anza ya kwanza leo ili hesabu ianze. Ukichelewa utaonekana uliridhia. Mimi nilichelewa kwa mtu mmoja wa stoo, nikaishia kubanwa mimi.

Fundi Pongwe
Kabla ya yote kagua kompresa ya hilo tanki na gasi yake. Tanki likishindwa kushuka hadi nyuzi 4 maziwa yatachacha hata apokee malaika. Umeme wenu huko ukoje usiku? Jenereta linawashwa na nani?

Binti wa Muheza
Fundi, asante, ila swali langu ni la mtu, si la tanki. Tanki ni jipya.

Fundi Pongwe
Sawa, nilielewa tofauti. Lakini angalia tu daftari la joto la siku zile 2. Upya si dawa umeme ukikatika.

Mama Ngamiani
Binti, shikamoo yako kwake ni jambo jema, usiiache. Mimi nilikaa ofisi ya utumishi kwenye mashamba ya mkonge miaka mingi, nimeshika barua za onyo nyingi kuliko ninavyopenda, na nyingi ziliandikwa kabla mtu hajaenda kumtazama mfanyakazi akifanya kazi. Naona unakaribia kufanya hivyo hivyo.

Usipuuze la Fundi. Ukimwita mzee ukamwekea matanki 2 mezani, kisha moja likaonekana liliharibika kwa sababu ya umeme, hata lile lake halali hatalikubali tena. Na atakuwa na haki. Kwanza ondoa kila kisichokuwa mikononi mwake.

Pili, rudia kusoma ulichomwambia: "tujitahidi, hali si nzuri." Nani ajitahidi? Kwenye nini? Hali ipi? Umemwambia mtu mzima kwa adabu, naye kakujibu kwa adabu, mkaachana kila mmoja ana habari yake kichwani. Wewe ulidhani umeonya. Yeye pengine alidhani unalalamika juu ya bei ya maziwa. Huku pwani tuna ufundi mkubwa wa kusema jambo bila kulitaja, na unatufaa sana msibani na kwenye posa. Kazini mtu anatakiwa asikie jina la kosa.

Kwa hiyo usimwite bado. Nenda mlangoni asubuhi 2, tangu foleni inaanza mpaka inakwisha. Usimsahihishe. Hesabu tu: keni ngapi zimeingia, ngapi amezipima, kwa kipimo gani, saa ngapi. Nataka ujue kama hajui kazi, au anaijua lakini kuna kinachomzuia, au anaijua, hakuna kinachomzuia, na hafanyi. Hayo ni mambo matatu, na barua ya onyo ni dawa ya hilo la tatu tu.

Mfugaji wa Maramba
Mimi nasema kwa upande wetu. Kituo chetu mpokeaji alinirudishia lita 18 akisema nimetia maji, mbele ya watu. Sijawahi kutia maji katika maisha yangu. Tangu siku hiyo jirani wananiangalia kwa jicho lingine. Naomba, dada, ukimchunguza huyo mzee chunguza na hilo, maana mpokeaji asiyejua kazi hakubali mabaya tu, anakataa na mazuri.

Kifaru Chumbageni
Mama, kwa heshima, ukikaa kumtazama asubuhi 2 tanki la tatu linarudi. Nani atalipa?

Mama Ngamiani
Kama anaogopa la tatu, siku hizo 2 aweke mtu apime tena kila keni kabla haijamiminwa. Hasara inazuilika bila barua.

Binti wa Muheza
Nimerudi. Nimesimama mlangoni Jumatano na Alhamisi. Kijana wa usafi nilimpa kazi ya kupima mara ya pili kama Mama alivyosema.

Kwanza namwomba radhi Fundi. Tanki la kwanza, usiku wake umeme ulikatika saa 5, na jenereta limewashwa saa 8 usiku. Joto lilipanda hadi nyuzi 11. Mlinzi ameandika yote, mimi sikufungua daftari lake. Maziwa yetu hulala tankini, lori huja asubuhi ya pili. Kwa hiyo tanki lile siwezi kumbebesha mzee.

La pili ni lake. Usiku ule joto lilikaa nyuzi 4 hadi asubuhi.

Sasa nilichoona Jumatano. Kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 1 kamili wafugaji wanakuja mmoja mmoja kwa miguu. Hapo anapima kila keni: ananusa, anachukua maziwa kidogo kwenye kichupa, anatia alkoholi kiasi kile kile, anatikisa, anaangalia kama yanakatika. Safi kabisa. Anaijua kazi. Saa 1 na dakika 10 bodaboda 7 zikafika karibu pamoja, keni 19. Kati ya hizo alipima 11. Zile 8 alinusa tu akamimina, na zote 8 ni za wafugaji watatu wakubwa ambao huwa wanapiga honi na kupayuka wakicheleweshwa. Kijana alipozipima, moja ikakatika pale pale. Dereva alikiri kwamba wamechanganya maziwa ya jana jioni na ya leo. Keni moja kama hiyo ikiingia kwenye tanki zima, kwisha.

Na Mfugaji wa Maramba, ulichosema nimekiona kwa macho. Alhamisi mzee alitumbukiza laktomita kwenye maziwa yaliyotoka kukamuliwa, bado ya moto, ikasoma 26, akataka kuyarudisha kwamba yana maji. Nikapima joto: nyuzi 30. Laktomita yetu imeandikwa nyuzi 20. Kwa kila nyuzi 1 iliyozidi unaongeza 0.2, kwa hiyo nyuzi 10 ni 2, na ile 26 ni 28. Maziwa mazima. Hilo ndilo nimeona hajui, na nilipouliza wenzake hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mfugaji wa Maramba
Mungu akubariki. Mimi huwa nafikisha maziwa dakika 20 tu baada ya kukamua. Kumbe ndiyo maana.

Mama Ngamiani
Umeona sasa una watu wawili ndani ya mtu mmoja. La laktomita hajui: hilo mfundishe kesho, nusu saa, wala usiliandike popote kama kosa. La alkoholi anajua na kuna kinachomzuia. Usimalizie mwenyewe kwamba ni woga wa wale wakubwa. Muulize.

Mazungumzo yafanye foleni ikishakwisha, kama saa 4, mahali ambapo mfugaji hapiti na wenzake hawasikii. Usimwite kwa kupitia mtu mwingine, maana habari itamfikia kabla yako. Kaeni upande mmoja wa meza. Mwambie ulichokiona kwa namba, kwa sentensi mbili, kisha nyamaza. Kimya kitakuuma, kwa sababu yeye ni mkubwa kwako na ulimi wako utataka kumpunguzia kwa "lakini najua unajitahidi." Usiseme. Ukisema hivyo umemfungulia mlango wa kutokea, naye atautumia kwa sababu ni binadamu. Baada ya yeye kujibu, kubalianeni jambo moja tu. La daftari liache.

Kifaru Chumbageni
Na la daftari anaachiwa? Mahesabu hayakubaliani ujue, hapo kuna uwezekano wa wizi.

Mama Ngamiani
Ukiwa na ushahidi wa wizi hayo ni makosa ya nidhamu, yana njia yake na wala hatungekuwa hapa. Mistari mitupu si ushahidi wa wizi. Anayepima, anayemimina na anayeandika ni mtu mmoja na foleni ina keni 19. Ningeshangaa lingekuwa limejaa.

Na zile barua zako 3, mwanangu, nazisikia kila mahali. Utumishi mwingi una kanuni zake za ndani zenye barua 3, pengine ndiko ulikozitoa, na kama ofisi yako inazo basi zinakubana. Lakini hilo ni la utovu wa nidhamu. Kwa mtu anayefanya kazi chini ya kiwango, soma Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hakuna hesabu ya 3 pale. Mwajiri anatakiwa achunguze sababu, atoe maelekezo au mafunzo kama yanahitajika, ampe mtu muda wa kutosha kujirekebisha, na akiendelea vile vile ndipo amwonye kwamba ajira yake iko hatarini. Onyo liko mwishoni. Jambo likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wataangalia kama alikijua kiwango, kama kiwango chenyewe kinafikika, na kama alipewa nafasi. Barua zako 3 bila hayo ni karatasi 3.

Kifaru Chumbageni
Hapo umenifungua. Yule wa stoo nilikwama kwenye swali hilo hilo, niliulizwa nilimfundisha lini. Sikuwa na jibu. Ila bado naona binti aandike kitu, asiende kwa mdomo mtupu.

Mama Ngamiani
Hapo uko sahihi kabisa. Aandike nusu ukurasa baada ya kuongea: tarehe, nini kimeonekana, mzee amesema nini, wamekubaliana nini, wataangalia lini. Nakala moja yake, moja ya mzee. Juu yake asiandike neno "onyo."

Binti wa Muheza
Tumeongea jana saa 4 na robo, stoo ya madumu. Nawaandikia yote kwa sababu sikulala vizuri.

Nilimwambia: "Mzee, Jumatano kuanzia saa 1 na dakika 10 ziliingia keni 19. Nane hazikupimwa kwa alkoholi, na moja kati ya hizo ilikuwa imechacha." Nikanyamaza. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vichupa, akawa anakikunja, anakikunjua. Nilihesabu moyoni mpaka 20 hivi.

Kisha akasema, "Binti yangu, mwezi wa 2 ulisimama pale mlangoni ukaniambia foleni isizidi nusu saa. Keni moja kuipima ni dakika 2 nzima ukijumlisha kuosha kichupa. Nikajichagulia nani nimwamini."

Wana jukwaa, ni kweli. Nilisema. Wafugaji wakubwa walikuja kunilalamikia foleni na mimi nilikuwa mgeni, nikatoa amri ya nusu saa bila kupiga hesabu. Keni 19 kwa dakika 2 ni dakika 38, hapo hajaandika wala hajamimina. Nilimpa viwango viwili vinavyopingana, akashika kile nilichokipigia kelele.

Nikamwambia amri ile naifuta, kosa lilikuwa langu. Na nikamwambia pia, maana Mama aliniambia nisilegeze, kwamba pamoja na hayo alipoona haiwezekani alitakiwa aje aniambie, siyo achague kimya kimya. Alitikisa kichwa akasema hilo kweli.

Tumekubaliana jambo moja kwa wiki 4: hakuna keni inayoingia tankini bila alkoholi, awe ameleta nani. Foleni ikifika dakika ngapi ni juu yangu. Kijana wa usafi ataosha vichupa na kuandika daftari kuanzia saa 1 hadi saa 2. Kila Ijumaa dakika 15 tunakaa, namwonyesha hesabu yangu, ananiambia kilichomkwamisha. Nilimwomba anirudishie kwa maneno yake tulichokubaliana, akasema, "Bila kichupa, tankini haipiti." Nimeandika hivyo hivyo kwenye karatasi.

Fundi Pongwe
Na jenereta?

Binti wa Muheza
Mlinzi amepewa ufunguo na namba yangu ya simu. Zamani ufunguo ulikaa kwangu.

Msimamizi wa Pangani Rodi
Nimefuatilia uzi wote, nina wasiwasi na sehemu moja. Umempa kijana aandike daftari. Sasa utajuaje kama mzee anaweza kuandika au hawezi? Mimi nilifanya hivyo kwa mhudumu mmoja wa mapokezi, nikamzungushia msaada pande zote, baada ya miezi 5 nikagundua kazi yake inafanywa na watu 3 na wote wamechoka naye.

Mama Ngamiani
Wasiwasi wako ni wa haki. Msaada lazima uwe na tarehe ya kwisha. Binti, uliiweka?

Binti wa Muheza
Sikuiweka. Nitamwambia Ijumaa.

Msimamizi wa Pangani Rodi
Na kama baada ya hapo daftari bado bovu? Mimi ningembadilisha kazi kabisa, awe wa kumimina na kusafisha. Wengine hawakuumbwa kwa kalamu.

Mama Ngamiani
Kumshusha mtu wa miaka 51 kutoka mlangoni hadi kwenye kuosha keni, mbele ya wafugaji wale wale, yeye atakuona umemwadhibu hata usipoandika barua. Mimi singeharakisha. Lakini sikatai kwamba siku moja inaweza kulazimu, kwa ridhaa yake.

Msimamizi wa Pangani Rodi
Hapo tutofautiane, Mama. Mimi naona kumwacha mahali anapoanguka kila siku ndiyo adhabu.

Binti wa Muheza
Naleta mrejesho, wiki 4 zimetimia jana.

Wiki ya kwanza keni zote zilipimwa. Wiki ya pili nilihesabu 2 zilizopita bila kipimo, siku ya gulio, foleni ilifika dakika 50. Ijumaa yake nilimwonyesha, hakubishana, alisema alkoholi ilikwisha kwenye chupa na akaona haya kuacha foleni kwenda stoo. Tukaongeza chupa ya pili pale mlangoni. Wiki ya tatu alimrudishia mfugaji mmoja mkubwa keni ya lita 40. Yule bwana alimtukana vibaya sana. Nilitoka ofisini nikasimama pembeni ya mzee, nikamwambia bwana kwamba mzee anafuata agizo langu na kipimo ni hiki hapa, akitaka tupime tena mbele yake. Tulipima, yakakatika. Aliondoka nayo. Mzee hakusema kitu, ila tangu siku ile ananiita mlangoni mwenyewe akiwa na shaka.

Laktomita sasa anaweka na kipimajoto kando, amejifanyia kijedwali kwa mkaa ukutani, kuanzia nyuzi 20 hadi 35. Hakuna tanki lililorudi ndani ya wiki hizi 4. Uongozi umekubali kusubiri, barua haikuandikwa.

Daftari ndilo limebaki. Msaada wa kijana ulikwisha Jumatatu na siku 3 kati ya 5 jumla zimepishana na tanki, mara lita 12, mara lita 30. Leo nimekaa naye, nikamwomba aandike mistari 5 nikiwa pembeni. Anaandika vizuri, polepole, ila anasubiri mpaka keni 4 au 5 zimepita ndipo aandike kwa kumbukumbu. Kuanzia kesho anaandika moja moja kabla ya kumimina, kwa wiki 2. Foleni itarefuka tena, na wale wakubwa nimewaomba wawahi kabla ya saa 1. Wawili wamekubali.

Mfugaji wa Maramba
Naomba picha ya hicho kijedwali cha ukutani, dada. Nataka nikipeleke kituoni kwetu.